Mikate Iliyoungua na Deni la Mtunza Stoo

Mwisho wa mwezi stoo inahesabiwa, unga unakutwa pungufu, na wa kwanza kuitwa ofisini ni mtunza stoo. Anaulizwa magunia yameenda wapi. Hana jibu, kwa sababu hayakutoka bila karatasi, wala hayakuibwa. Unga huo uliungua ndani ya oveni usiku mmoja wiki mbili zilizopita, na hakuna aliyeandika.

Tuchukue kiwanda cha mikate ya gramu 400 kinachotumia mfumo wa ERP, yaani programu moja inayounganisha stoo, uzalishaji, mauzo na uhasibu. Oda ya zamu ya usiku ni mikate 4,000 ya kuuza. Kila kiwanda cha mikate kina hasara yake ya kila siku: donge la kwanza lisilo na uzito sahihi, mkate uliobonyea kwenye kopo, uliochanwa na mashine ya kukatia. Kiwanda chetu kimejiwekea asilimia 2, kwa hiyo mfumo unapanga kuanzisha mikate 4,080. Kila mkate unakula gramu 270 za unga, na gharama ya zamu nzima, kuanzia unga na hamira hadi umeme na ujira, ni shilingi 3,264,000.

Usiku huo umeme unakatika na jenereta inachelewa kuwaka. Mkanda wa oveni unasimama na mikate ndani. Mikate 310 inakuwa makaa. Ukiongeza 80 ya hasara ya kawaida, inabaki 3,690 mizuri.

Msimamizi wa zamu, amechoka na kumekucha, anaingia kwenye kompyuta na kutangaza mikate 3,690 mizuri na 80 mibovu. Kwake hiyo ni kweli ya kutosha, maana mibovu 80 ndiyo aliyozoea kuandika kila siku. Hapa ndipo kosa linapozaliwa. Viwanda vingi huuachia mfumo utoe malighafi wenyewe kwa kufuata mapishi, baada ya uzalishaji kutangazwa. Ukitangaza mikate 3,770, unatoa unga wa mikate 3,770. Unga wa ile 310, kilo 83.7, unabaki kwenye vitabu kama vile bado uko stoo. Hicho ni zaidi ya gunia moja na nusu la kilo 50, kwa zamu moja. Sukari, mafuta na hamira zimebaki kwenye vitabu vivyo hivyo.

Siku ya kuhesabu, tofauti inajitokeza upande wa stoo. Inapostiwa kama upungufu wa hesabu. Kwenye SAP ni mwendo namba 702. Hasara ya oveni imebadilishwa jina ikawa upotevu wa ghala, na mtu ambaye hakuwepo zamu hiyo ndiye anayekatwa mshahara. Naliona jambo hili kuwa dhuluma, hata kama aliyeisababisha hakukusudia.

Zamu ingetangazwaje? Mizuri 3,690, mibovu ya kawaida 80, mibovu isiyo ya kawaida 310, sababu: kukatika umeme, oveni ya mkanda. Sababu ichaguliwe kwenye orodha fupi iliyowekwa tayari, kisha maelezo ya mstari mmoja yafuate. Hapo unga wote unatoka stoo kama ulivyotoka kweli.

Sasa mhasibu anaweza kugawa gharama. Hasara ya kawaida inabebwa na mikate inayotarajiwa kuuzwa: 3,264,000 gawanya kwa 4,000, unapata shilingi 816 kwa mkate. Mikate mizuri 3,690 inabeba shilingi 3,011,040. Ile 310 inabeba 252,960, na fedha hizo zinakwenda moja kwa moja kwenye gharama za kipindi hicho. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 kinataka hivyo: upotevu usio wa kawaida wa malighafi na nguvukazi usiingizwe kwenye thamani ya bidhaa zilizopo. Ukiirundika gharama yote juu ya mikate 3,690, kila mmoja utaonekana umegharimu karibu shilingi 885, na meneja wa mauzo atadhani bei yake haimlipi, kumbe tatizo lake ni jenereta.

Kutangaza ni hatua ya kwanza tu. Kufuta thamani kwenye vitabu kunahitaji idhini, na idhini ina maana pale tu bidhaa yenyewe bado ipo mbele ya macho. Tuseme stoo ina katoni za hamira zilizopitwa na tarehe. Mtunza stoo asizifute. Kwanza anazihamishia kwenye akiba iliyozuiwa. Kwenye SAP ni mwendo namba 344. Thamani haijaguswa, ila uzalishaji hauwezi tena kuzichukua. Kisha anaandika ombi lenye kiasi, namba ya bechi, sababu na picha. Mtu wa ubora anakagua, anayeidhinisha anasaini, na hapo tu mtu wa tatu anaposti namba 555, inayotoa mali iliyozuiwa kama taka. Mwisho katoni zinaharibiwa mbele ya mashahidi wawili. Pasipo kuziharibu, rundo lile lile linaweza kuombewa kufutwa mara ya pili huku mali nzuri ikitokea mlango wa nyuma.

Wengi hudhani mfumo utawazuia wenyewe. Kwa kawaida SAP haiombi idhini ya bosi unapotupa mali moja kwa moja kwa namba 551. Kinachokuzuia ni ruhusa ya jina lako tu, inayowekwa kwenye `M_MSEG_BWA`. Ukipewa namba hiyo, unaweza kufuta peke yako. Kwa hiyo swali la kwanza la mkaguzi liwe: ni akina nani wenye 551, na je, kati yao kuna anayeshika funguo za stoo?

Ngazi za idhini huwekwa kwa thamani. Kiwanda chetu kinaweza kusema chini ya shilingi 100,000 anaidhinisha meneja wa uzalishaji, zaidi ya hapo mkuu wa fedha. Ile 310 ingekwenda kwa mkuu wa fedha. Mjanja ataivunja: mikate 110 leo asubuhi, 100 mchana, 100 kesho, kila ombi likiwa chini ya laki moja. Ukitazama ombi moja moja hutaona kitu. Panga maombi yote kwa bidhaa, kwa mwombaji na kwa wiki, jumlisha, na vipande vitajikusanya vyenyewe.

Iko dalili nyingine ninayoiamini kuliko zote. Fungua taarifa ya mibovu ya miezi mitatu. Ikiwa kila zamu ina asilimia 2 kamili, hakuna anayehesabu. Watu wanaandika ile namba ya mpango. Oveni ya kweli hutoa 1.4 leo, 2.7 kesho, na siku ya umeme mbaya inaruka hadi 9 na zaidi. Kwenye kiwanda cha namna hiyo, weka mizani na kreti yenye rangi yake mwisho wa mkanda, mibovu yote ipimwe kabla zamu haijafungwa, na msimamizi anayeingia asaini pamoja na anayetoka. Mabaki yanayouzwa kwa wafugaji wa nguruwe nayo yapewe namba yake ya bidhaa na risiti, na fedha inayopatikana ipunguze hasara ya zamu iliyoyazalisha.