Rangi ya Shati na Jasho la Kwapani

Mwalimu ainuapo mkono kuandika ubaoni, darasa zima huliona kwapa lake. Mwanafunzi naye ajuaye jibu huweza kuubana mkono wake ubavuni, si kwa kutojua, bali kwa kuogopa kwamba akiuinua, wenzake wataliona doa la jasho kwenye shati lake la samawati. Jambo hili huchekwa, ilhali halistahili kuchekwa. Jasho si uchafu wala si aibu. Ndiyo njia ambayo mwili hujipoza. Hata hivyo, kwa kuwa macho ya watu ni macho ya watu, yafaa tujue ni rangi zipi hulisema jasho na ni zipi hulisitiri.

Katika vyumba vya walimu maswali mawili huchanganywa na kufanywa moja. La kwanza ni hili: rangi ipi haivuti joto? La pili: rangi ipi huficha jasho? Aghalabu mtu hujibu kwa neno moja tu, kwamba nguo nyeupe ni baridi, kisha akadhani amemaliza. Waama, majibu ya maswali haya hayafanani, na yanategemea mtu yuko juani au yuko ndani.

Tuanze na joto. Nguo nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya nuru ya jua, nayo nyeusi huimeza na kuigeuza kuwa joto. Mwalimu wa sayansi anaweza kulithibitisha hili bila maabara. Atundike ukutani, juani saa sita mchana, vipande viwili vya kitambaa cha aina moja, kimoja cheupe na kingine cheusi, asubiri dakika kumi, kisha wanafunzi waviguse. Tofauti wataihisi kwa viganja. Sasa avihamishie vipande hivyo ndani ya darasa na kuvisubiri vipoe. Wakivigusa tena, hakuna atakayeweza kuvitofautisha akiwa amefumba macho.

Hapa ndipo wengi hupotea. Rangi tuionayo huhusika na nuru ya jua. Joto litokalo kwenye mabati ya paa lililochomwa na jua, pamoja na lile litokalo mwilini mwetu wenyewe, husafiri kwa miale isiyoonekana, na kwa miale hiyo nguo nyeupe na nguo nyeusi hukaribia kuwa sawa. Kwa hiyo mwalimu ashindaye ndani hapungukiwi na lolote kwa kuvaa shati la buluu iliyokoza. Anayesimamia michezo uwanjani ndiye mwenye haja ya nyeupe au rangi nyingine hafifu.

Hata juani kwenyewe, mshono huweza kuipiku rangi. Mwaka 1980 jarida moja mashuhuri la sayansi la Uingereza lilichapisha utafiti kuhusu majoho meusi ya Mabedui wa jangwani. Watafiti waligundua kwamba joho jeusi lilivuta joto zaidi kuliko jeupe, lakini joto lile la ziada halikuufikia mwili wa mvaaji. Joho lilikuwa pana, na hewa iliyopita kati ya kitambaa na ngozi ililichukua. Anayevaa kanzu pana huko pwani analijua jambo hili bila kuandikiwa. Shati jeusi linalobana ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa halina nafasi ya hewa hiyo.

Sasa tuligeukie jasho. Kwa nini kitambaa kilicholowa huonekana cheusi zaidi kuliko kikavu? Maji hayana rangi, hivyo si kwamba yamekipaka chochote. Kitambaa kikavu kina nyuzi zilizotenganishwa na hewa. Nuru inapoingia hugonga nyuzi, ikatawanywa huku na huko, na sehemu kubwa hurudi upesi machoni mwetu. Maji yakijaza nafasi ya hewa, mtawanyiko ule hupungua. Nuru hupenya ndani zaidi, hukutana na rangi ya kitambaa mara nyingi zaidi, nayo humezwa. Ndiyo sababu hiyo hiyo mchanga wa ufuoni ulioguswa na wimbi hukoza rangi.

Ukilielewa hilo, mengine hujieleza yenyewe. Kitambaa cheusi au cha buluu iliyokoza kilikuwa kimekwisha kumeza karibu nuru yote hata kabla ya kulowa, kwa hiyo hakina pa kukoza zaidi. Kitambaa cheupe hakina rangi ya kumezea nuru, kwa hiyo hakikozi sana. Adhabu yake ni kwamba nuru hupita hadi upande wa pili, na kitambaa kikawa angavu hata ngozi ikaonekana. Zilizo katikati ndizo zisemazo yote: kijivu hasa, kisha samawati, kaki hafifu, waridi na kijani kibichi kisichokoza. Suti ya Kaunda ya kijivu, pamoja na heshima zake zote, ni mshitaki mkuu wa mvaaji wake.

Tumchukue mwalimu wa Mombasa aliyekwenda kwa fundi kushonesha shati, akiwa na vitambaa vitatu vya pamba mbele yake: cheupe, samawati na buluu iliyokoza. Na aombe kichele cha kila kimoja, alowanishe ncha ya kidole, abonyeze kila kichele, avilaze mezani kisha arudi nyuma hatua nne, ambazo ni kama umbali wa dawati la mbele. Kwenye samawati ataona duara lenye ukingo mkali. Kwenye buluu atalazimika kulitafuta. Kwenye cheupe ataona rangi ya meza ikichungulia. Huko Mombasa jaribio hili lina uzito zaidi kuliko Lodwar, kwa kuwa hewa ya pwani imejaa unyevu na doa hukawia kukauka, ilhali kwenye ukavu wa Turkana jasho hupotea upesi.

Kitambaa chenye miraba midogo au maua husaidia pia. Jicho halilioni doa lenyewe kama linavyouona ukingo wake, na michoro huukatakata ukingo huo. Kwa maoni yangu, halmashauri za shule katika maeneo ya joto zingechagua blauzi na mashati meupe yenye fulana ndani, au yenye miraba, badala ya samawati na kijivu ambazo hupendwa kwa kuwa hazionyeshi vumbi mapema. Fulana hunywa jasho kabla halijafika nje, na huondoa ule uangavu wa nguo nyeupe.

Kila rangi lakini ina gharama yake ya kufulia. Shati jeupe hugeuka manjano kwapani, mara nyingi kwa sababu ya dawa za kuzuia jasho zenye chumvi za alumini. Ajipakaye aiache ikauke kabla ya kuvaa, wala asilipige pasi shati ambalo halijafuliwa, kwa kuwa joto hulishikilia doa. Buluu iliyokoza nayo huficha jasho likiwa bichi tu. Likikauka huacha chumvi, na chumvi hiyo huonekana kama mstari mweupe unaopindapinda mgongoni na kwapani. Kwa bahati nzuri chumvi huyeyuka kwa maji matupu, hivyo shati hilo lisuuzwe jioni ile ile, hata kama siku ya kufua bado.