Kwa Nini Mkopo Wako Ulisubiri

Ndugu mteja wetu wa Mbarali,

Najua ulikereka mkopo wako wa shilingi milioni 24 wa kununulia mpunga ulipochelewa. Dhamana yako haikuwa na kasoro. Kilichotukwamisha ni makisio yako ya mtiririko wa fedha.

Uliandika mauzo ya milioni 6 kila mwezi, kuanzia Julai. Lakini wewe mwenyewe ulinieleza kwamba unanunua Juni, mavuno yakiwa mengi, kisha unafunga ghala hadi Novemba bei ipande. Kati ya hapo unaingiza milioni 1.2 tu kwa mwezi, ada za kukobolea mpunga wa watu, na umeme na vibarua vinakula laki 8. Inabaki laki 4. Rejesho la kwanza lingezidi milioni 2. Ungelazimika kuuza mpunga Julai kwa bei ya hasara ili kutulipa sisi, na faida yote ingeishia hapo.

Tena hoteli unazoziuzia hulipa baada ya mwezi. Mchele unaotoka Novemba huleta fedha Desemba, na ndivyo makisio mapya yanavyoonyesha.

Kwa hiyo Julai hadi Novemba utalipa riba pekee, shilingi 360,000 kwa mwezi. Deni lenyewe utalilipa kwa mafungu manne ya milioni 6, Desemba hadi Machi, pamoja na riba ya salio. Hoteli ikichelewesha malipo, tafadhali nipigie kabla ya tarehe ya rejesho.

Wako,
Afisa Mikopo