Rangi ya Karoti na Elektroni Iliyofungiwa

Karoti huonekana ya rangi ya machungwa kwa sababu beta-karotini iliyomo hufyonza mwanga wa buluu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 hivi. Kwa nini buluu? Wanafizikia hulianza swali hili kwa kuifungia elektroni kwenye kisanduku chenye urefu tu, kisicho na upana wala kimo. Ndani inazurura itakavyo, ila kuta hazipenyeki.

Mwaka 1924 Louis de Broglie alipendekeza kuwa elektroni nayo ina wimbi, na kadiri inavyokwenda kasi ndivyo wimbi lake linavyokuwa fupi. Ukutani wimbi hilo lazima liwe sifuri, kama uzi wa gitaa usivyoweza kutikisika pale ulipofungwa. Hivyo kati ya kuta mbili hukaa nusu-wimbi moja, mbili au tatu kamili. Moja na robo haiwezekani. Urefu wa wimbi ukishabanwa hivyo, kasi nayo imebanwa, na nishati pia:

E = n²h²/8mL²

Herufi n ni idadi ya nusu-wimbi, L ni urefu wa kisanduku, m ni uzito wa elektroni, na h ni namba ya Planck. Sifuri haimo, kwani bila nusu-wimbi hata moja hakuna wimbi, na pasipo wimbi hakuna elektroni. Ndiyo maana elektroni iliyofungiwa haitulii kabisa. Kwenye kisanduku cha nanomita 1, ngazi ya kwanza ni elektronivolti 0.38, ya pili 1.5, ya tatu 3.4.

Sasa turudi kwenye karoti. Mnyororo wa beta-karotini una kaboni 22 zenye elektroni 22 zinazozurura, na urefu wake unakaribia nanomita 2.9. Kila ngazi hubeba elektroni mbili tu, kwa hiyo ngazi 11 zimejaa. Mwanga unaofyonzwa ni ule unaotosha kuirusha elektroni kutoka ngazi ya 11 hadi ya 12. Piga hesabu: unapata elektronivolti 1 hivi, yaani mwanga wa nanomita 1,240, ambao jicho haliuoni. Kwa hesabu hii karoti isingekuwa na rangi hiyo!

Kosa limo sakafuni mwa kisanduku. Tulidhani ni tambarare, kumbe vifungo vya kaboni hupishana, kifupi kwa kirefu, na sakafu ina mawimbimawimbi yanayozitenganisha zaidi ngazi hizo mbili. Mwaka 1949 Hans Kuhn aliyaingiza mawimbimawimbi hayo kwenye hesabu, ikakaribia ukweli. Rangi za jamii ya sianini, ambazo vifungo vyake karibu vinalingana, hata kisanduku tambarare huzikadiria vizuri. Dalili ya kosa huonekana pia ukirefusha mnyororo wa aina ya karoti: kisanduku tambarare kinasema pengo litapungua hadi karibu na sifuri, lakini maabara huonyesha linagoma kushuka mapema zaidi.