Uliza Kabla Maji Hayajamwagwa

Fundi mkuu anapita haraka: "Changanya zege la nguzo, lisiwe jepesi." Saidia fundi akijibu, "Umesemaje, fundi?" atarudiwa maneno yaleyale, kwa sauti ya juu zaidi, na bado hatajua vipimo. Swali la namna hiyo linamtaka fundi aanze upya, ndiyo maana linasikika kama la mtu aliyekuwa anaangalia barabarani.

Bora aanze na alichokisikia, kisha aulizie pengo tu: "Sawa fundi, la nguzo, zito. Nipige moja, mbili, nne kama la jana, au nipunguze mchanga na kokoto?" Yaani saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne. Fundi anajibu kwa neno moja: "Punguza." Hapo saidia asikubali haraka, maana kiasi bado hakijatajwa: "Moja, moja na nusu, tatu?" "Ehe."

Wakati nao una uzito. Maswali haya yaulizwe vitu vikiwa bado vikavu. Maji yakishaingia, saruji inaanza kushika, na zege lililozidi maji hupoteza nguvu hata likionekana laini na zuri kumwaga.