Bei Imevunja Dari, Wingi Unasemaje?

Arifa inalia kwenye simu: hisa iliyogonga shilingi 500 wiki iliyopita ikarudi chini, sasa iko 503. Dari imevunjwa. Kabla ya kununua, wengi hufungua mstari mmoja chini ya chati, OBV, uliotangazwa na Mmarekani Joseph Granville katika kitabu chake cha mwaka 1963. Granville aliamini kuwa wingi wa hisa zinazobadilishana mikono hutangulia bei.

Hesabu yake ni ya darasa la tatu. Kila nguzo ya chati ina bei ya kufunga na idadi ya hisa zilizouzwa katika muda wake. Nguzo ikifunga juu ya iliyotangulia, idadi yote inajumlishwa. Ikifunga chini, yote inatolewa. Bei zikilingana, mstari haubadiliki. Kwa Python ni mstari mmoja:

```
obv = (np.sign(df["close"].diff()).fillna(0) * df["volume"]).cumsum()
```

Kwa kuwa kuanzia sifuri ni uamuzi wetu tu, ukubwa wa namba inayopatikana hauna maana. Kinachosomwa ni kama mstari umevuka kilele chake cha siku ile bei ilipofika dari mara ya mwisho.

Tuchukue mfano wa kubuni. Siku bei ilipofunga 500, OBV ilikuwa 70,000. Siku mbili zilizofuata bei ilishuka, kwanza kwa hisa 45,000, kisha kwa 35,000, na OBV ikaanguka hadi −10,000. Halafu bei ikaanza kujikongoja kurudi: siku ya kwanza hisa 15,000, ya pili ikafunga palepale, ya tatu hisa 18,000 na kufunga 496, ya nne hisa 22,000 na kufunga 503. OBV sasa ni 45,000. Bei imepita kilele chake lakini OBV iko mbali chini ya 70,000. Hisa 80,000 zilipita mikononi bei ikishuka. 55,000 tu zilitosha kuirudisha na kuivusha. Huku ndiko kupingana: arifa inasema ndiyo, wingi unasema bado.

Kama siku ya nne zingeuzwa hisa 60,000, OBV ingefika 83,000 na kuthibitisha. Hata hapo ningeangalia nyuma kidogo. Uthibitisho uliobebwa na nguzo moja unaweza kuwa umetokana na mkupuo mmoja wa wakubwa wawili waliokubaliana bei, jambo la kawaida kwenye masoko yenye biashara chache. OBV iliyovuka kilele chake siku mbili tatu kabla ya bei ina uzito zaidi kwangu.

Ugumu unaanza na nguzo zenyewe. Siku ile ya nne, nguzo ya siku nzima iliipa OBV hisa zote 22,000 upande wa kupanda. Igawe sasa siku hiyohiyo katika nguzo tatu fupi: ya kwanza ilifunga 506 kwa hisa 6,000, ya pili 504 kwa hisa 7,000, ya tatu 503 kwa hisa 9,000. Jumlisha 6,000, toa 7,000, toa 9,000: jibu ni −10,000. Biashara ni ileile, ishara zimegeuka. Hakuna aliyekosea hesabu. Nguzo ndefu inalinganisha kufunga kwa leo na kwa jana, na haijui kuwa hisa nyingi ziliuzwa bei ikiteremka. Na kwa kila hisa iliyonunuliwa kuna aliyeiuza, kwa hiyo ile ishara ya kujumlisha ni makisio tu ya nani alikuwa na haraka. Arifa ya dari ya nguzo za siku isomwe kwa OBV ya siku. Kuhamia nguzo fupi hadi upate jibu unalolitaka ni kujidanganya.

Kuna mtego mwingine: nguzo ambayo haijafunga. Bei ikiwa 503 karibu na mwisho wa siku, OBV inaonyesha 45,000. Ikiteleza dakika za mwisho hadi 495, chini ya 496 ya jana, zilezile 22,000 zinatolewa na mstari unasomeka 1,000. Tofauti ni mara mbili ya biashara ya siku nzima. Ndiyo maana kwenye TradingView arifa ya aina hii huwekwa `Once Per Bar Close`, ingawa utachelewa na huenda ukanunua ghali zaidi.

Kwenye fedha za kigeni mambo ni magumu zaidi. Hakuna soko moja linalojumlisha biashara zote, na OBV ya kawaida ya MetaTrader hutumia idadi ya mara ambazo bei ilibadilika kwa dalali wako. Wafanyabiashara wawili wenye madalali tofauti wanaweza kupokea arifa ileile dakika ileile, mmoja akaona uthibitisho na mwenzake kupingana.