Laini Mbili Katika Simu Moja: Sauti Huku, Data Kule

Watumiaji wengi wa simu huwa na laini mbili: moja yenye namba inayojulikana kwa ndugu na marafiki, na nyingine iliyonunuliwa kwa ajili ya vifurushi vya intaneti vya bei nafuu. Simu inayopokea laini mbili huwezesha kila laini kupewa kazi yake. Hata hivyo, ili salio lisipotee bila mwenyewe kujua, yafaa kufahamu jinsi simu hiyo inavyofanya kazi ndani yake.

Simu nyingi za aina hii zina nafasi mbili za laini, lakini zina chombo kimoja tu cha kurusha na kupokea mawimbi ya mtandao. Simu inapokuwa imetulia, chombo hicho husikiliza mnara wa laini ya kwanza kwa muda mfupi sana, kisha mnara wa laini ya pili, kwa zamu. Kwa kuwa mnara hurudia kutoa taarifa za mwito kila baada ya sekunde moja au mbili hivi, zamu hizo zinatosha, na laini zote mbili huonekana kuwa hewani. Mambo hubadilika mazungumzo yanapoanza. Hapo chombo hushikwa na laini moja, na ile nyingine hunyamaza: intaneti yake husimama, na mtu anayepiga namba yake huambiwa kuwa haipatikani. Huo si ubovu wa simu.

Chukulia mfano wa mwalimu wa Morogoro mwenye simu ya Samsung iliyowekwa katika lugha ya Kiingereza. Laini 1 ina dakika za kupiga. Laini 2 ina kifurushi cha GB 1. Hatua zake ni hizi. Kwanza, afungue `Settings`, kisha `Connections`, kisha `SIM manager`. Pili, penye `Calls` achague laini 1. Tatu, penye `Mobile data` achague laini 2. Katika simu za aina nyingine majina hutofautiana kidogo, lakini maswali ni yale yale: laini ipi ipige, na laini ipi ilete intaneti.

Inabaki swichi moja ambayo wengi huipita bila kuitazama, nayo ni `Auto data switching`. Ikiwashwa, simu hujaribu kuziba pengo lililotajwa hapo juu: mazungumzo yakiendelea katika laini 1, intaneti nayo huhamia laini 1 mpaka mazungumzo yaishe. Jambo hilo huwezekana pale tu ambapo mtandao wa laini 1 unaweza kubeba sauti na data kwa pamoja, kama inavyokuwa sauti inapopita katika 4G. Simu iliyopigwa kwa 2G haiachi nafasi ya intaneti.

Faida hiyo ina gharama yake. Tuseme mwalimu anazungumza kwa dakika 10 huku simu ikiendelea kupakua somo la video kwa kasi ya MB 5 kwa dakika. MB 50 zitapita katika laini 1, ambayo haina kifurushi cha data. Ikiwa bei ya nje ya kifurushi ni shilingi 10 kwa MB, basi shilingi 500 zitakatwa katika salio, ilhali GB 1 ya laini 2 imebaki vile vile. Kwa hiyo asiyehitaji intaneti wakati wa kuzungumza ni heri aizime swichi hiyo.

Ili kuhakikisha, Wai-Fai izimwe, salio la laini 1 litazamwe, kisha mtu apigiwe kwa laini hiyo. Mazungumzo yakiendelea, ukurasa wowote wa intaneti ufunguliwe. Ukikwama, na salio likabaki lilivyokuwa ukiondoa gharama ya maongezi, kazi zimegawanyika sawasawa. Ukifunguka, intaneti imehamia laini 1. Ikiwa ukurasa haufunguki hata baada ya simu kukatwa, tatizo liko kwenye laini 2 yenyewe: huenda kifurushi kimekwisha, au simu haijapata maelezo ya mtandao huo, yaitwayo `APN`, ambayo kila laini huwa na yake.

Jambo la mwisho huwatatiza wengi. Akaunti ya WhatsApp iliyosajiliwa kwa namba ya laini 1 haihitaji intaneti ya laini 1. Namba hiyo ni utambulisho tu. Ujumbe husafiri kwa data ya laini yoyote iliyochaguliwa, na simu zinazopigwa kupitia huko hula kifurushi cha laini 2, wala si dakika za laini 1.