Kwa nini bandari iko Kigoma na siyo Ujiji? Jinsi tunavyogeuza orodha ya miaka kuwa hadithi

Walimu na vikundi vya vijana wanaotuandalia vipindi vya historia hutuletea maandiko yaliyojaa miaka. Miaka yenyewe ni sahihi na majina ni sahihi, lakini kipindi kikisharuka hewani msikilizaji aliyekuwa shambani au anayekaanga dagaa jikoni hakumbuki chochote. Leo tunaeleza namna tunavyolipanga upya andiko la aina hiyo, na mfano wetu ni historia ya mji wetu wa Ujiji.

Andiko la orodha huwa hivi: Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Ujiji. Mwaka 1871 Stanley alikutana na Livingstone. Mwaka 1876 Stanley alirudi. Mwaka 1878 wamisionari wa London walifika. Mwaka 1905 ujenzi wa reli ulianza Dar es Salaam. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Mwaka 1915 meli ya Wajerumani iliingia majini. Mwaka 1916 ilizamishwa. Mwaka 1924 iliinuliwa. Mwaka 1927 ilianza kazi kwa jina la Liemba. Mwaka 1961 tukapata Uhuru.

Ukiisoma kwenye simu inapita. Kwa redio ni jambo lingine. Mwaka 1858 macho huuona kwa mara moja, lakini mdomo unausema hivi: elfu moja mia nane hamsini na nane. Hayo ni maneno saba. Miaka yote 12 ya orodha ile inakula maneno zaidi ya 80, na kwa mwendo wetu wa kusoma, maneno 100 ni kama dakika moja. Karibu dakika nzima inaishia kwenye kutaja namba, na msikilizaji hana ukurasa wa kurudia.

Kuna kasoro nyingine iliyo kubwa zaidi. Tazama ni nani waliomo kwenye orodha ile. Waliomo ni wale walioandika shajara na barua, kwa hiyo tarehe zao zipo. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba mzigo kutoka pwani hayumo. Mtu wa Manyema aliyevushwa ziwa akiwa mtumwa hayumo. Wajiji waliokuwa na mitumbwi na soko kabla ya wageni hao hawamo. Hawa hawana tarehe, na orodha ya tarehe haina mahali pa kuwaweka. Mtoto wa Ujiji anamaliza somo akijua Wazungu wawili walisalimiana chini ya mwembe, lakini hajui kwa nini babu zake wako hapo.

Kipimo cha kwanza: badilisha aya

Chukua andiko lako, ihamishe aya ya tatu iwe ya tano, kisha lisome kwa sauti. Kama hakuna kilichoharibika, una orodha. Hadithi haikubali kuhamishwa hivyo, kwa sababu kila jambo linasimama juu ya lile lililotangulia. Miaka kufuatana peke yake haitoshi. Shanga zikipangwa vizuri sakafuni bado ni shanga za kumwagika, mpaka uzi upite katikati.

Uzi wa kipindi ni swali moja ambalo msikilizaji anaweza kuliuliza mwenyewe. Kwa mfano huu tunachagua hili: kwa nini treni na meli ziko Kigoma, wakati mji mkongwe ni Ujiji, na kati yao hazifiki kilomita 10? Anayepanda gari la Ujiji kila wiki anaweza kuwa amejiuliza. Tukishalipata swali, tunaandika hadithi kuanzia mwanzo kwenda mbele, na kila aya tunaiuliza: wewe unatusogeza wapi kwenye jibu?

Hadithi inavyoenda

Tunaanza na barabara. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji. Kutoka pwani vilikuja vitambaa na shanga. Kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, zilikuja pembe za ndovu na watu waliotekwa. Mizigo yote ilikwenda kichwani na begani, takribani kilo 30 kwa kila mpagazi. Chumvi ya Uvinza nayo iliuzwa katika masoko ya eneo hili. Ujiji ulikuwa mahali barabara inapoishia na mtumbwi unapoanzia, na mtumbwi hauhitaji bandari. Unahitaji mchanga wa kuuvutia.

Hapa ndipo Burton na Speke wanapoingia. Waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857 na kufika Februari 1858. Ndani ya hadithi wanapata kimo chao halisi: walipita njia ambayo wafanyabiashara Waarabu, Waswahili na wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakiitumia tayari. Na miezi ile ya safari inatufaa, kwa sababu inamwonyesha msikilizaji urefu wa njia. Tutaihitaji treni itakapofika.

Kisha Livingstone na Stanley, mwaka 1871. Kwenye orodha ni salamu tu. Kwenye uzi wetu tunauliza, kwa nini walikutana Ujiji? Jibu ni kwamba bidhaa na barua za Livingstone zilikuwa zikitumwa Ujiji, kwa kuwa ndiko misafara ilikokwenda. Alirudi hapo kutoka Manyema akiwa mgonjwa, akakuta bidhaa zake zimeuzwa. Mkutano ule unathibitisha nguvu ya Ujiji, na hapo tunauacha. Tunasema mwishoni mwa mwaka 1871 bila siku. Stanley aliandika tarehe 10 Novemba, lakini hesabu za siku za wasafiri hao zinapishana, na wapo watafiti wanaoweka tukio hilo mwishoni mwa Oktoba. Swali letu halihitaji siku yenyewe.

Sasa inakuja zamu ya ziwa. Maji ya Tanganyika hutokea upande wa magharibi kwa mto Lukuga, karibu na mji unaoitwa leo Kalemie. Katika miaka ya 1870 mlango huo ulikuwa umezibwa na mchanga na majani, na ziwa lilikuwa limejaa sana. Mwishoni mwa miaka hiyo maji yalivunja kizuizi, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ndiyo maana mgeni anayefika leo kwenye mnara wa kumbukumbu wa Livingstone anashangaa kuona maji yako mbali.

Baadaye utawala wa Kijerumani unafika, na reli inaanza Dar es Salaam mwaka 1905. Hapa tunakumbusha kilo 30 za mpagazi. Behewa moja la tani 10 linabeba mzigo wa watu zaidi ya 300. Reli ilipofika ziwani Februari 1914, kazi ya msafara ilikuwa imekwisha. Na treni inahitaji kukutana na meli ya chuma, siyo mtumbwi. Meli ya chuma inataka maji yenye kina na kinga ya upepo. Ghuba ya Kigoma inavyo vyote viwili, na ufuko wa Ujiji uko wazi. Jibu limepatikana: kilichohamisha bandari ni aina ya chombo.

Mahali pa kuwa mwangalifu

Katika kuunganisha, maneno yetu makuu ni "lakini" na "kwa hiyo". Maneno "kisha" na "pia" yakijaa, orodha imerudi kwa mlango wa nyuma. Ila "kwa hiyo" ni neno zito, maana ukilitumia umedai kwamba jambo moja limesababisha lingine.

Hebu jaribu sentensi hii: "Maji yalishuka, kwa hiyo bandari ikahamia Kigoma." Inapendeza sikioni, lakini haisimami. Ziwa lilianza kushuka mwishoni mwa miaka ya 1870, na reli ilifika mwaka 1914. Kati ya hapo ni zaidi ya miaka 30, na mitumbwi iliendelea kutia Ujiji. Kushuka kwa maji kuliuweka mji mbali na ufuko, lakini mtumbwi unaufuata ufuko popote ulipo. Kwa hiyo tunaandika: "Maji yalishuka na kuuacha mji nyuma, lakini mitumbwi iliendelea kuja. Kilichobadilisha mambo ni reli." Kabla ya kila "kwa hiyo", hesabu miaka iliyo katikati, kisha uliza kama jambo la pili lingetokea bila la kwanza.

Uangalifu wa pili ni kukata. Kisa cha Liemba ni kitamu: meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ndani ya masanduku kwa treni, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe na kuinuliwa tena. Katika kipindi hiki tunachukua sehemu moja tu, kwamba ililetwa kwa reli na kuunganishwa Kigoma, kwa sababu hiyo inajibu swali. Kuzama na kuinuliwa kunapata kipindi chake chenye swali lake. Mwaka 1878 wa wamisionari na mwaka 1876 wa Stanley tunaviacha pia.

Miaka mingapi ibaki?

Katika miaka 12 ya orodha, tumebakiza mitano ya kutamkwa: 1858, 1871, 1905, 1914 na 1915. Mingine tunaisema kwa umbali, kwa mfano "miaka 13 baadaye" badala ya mwaka 1871, pale ambapo mwaka 1858 bado uko sikioni. Mwanafunzi anayehitaji tarehe zote za mtihani tunamwekea orodha hapa kwenye tovuti. Orodha ni nzuri machoni. Masikioni inachosha.

Andiko likikamilika, tunalisoma kwa mtu ambaye hajaliona, kisha tunamwomba atusimulie bila karatasi. Hatumuulizi miaka. Tunasikiliza kama atasema "kwa sababu", na atalisema wapi. Akisema treni ilikwenda Kigoma kwa sababu meli zilihitaji maji yenye kina, uzi umeshika. Akisema "halafu kulikuwa na Livingstone, halafu reli", tunarudi kwenye aya zile mbili kutafuta kiungo kilichokatika.

Mwalimu au kikundi unayetaka kutuandalia kipindi cha kijiji chako, iwe Uvinza na chumvi yake au Kalinzi na kahawa yake, anza na karatasi tupu na swali moja kuhusu kitu ambacho watu wanakiona kila siku. Tarehe zitafuata, zile tu zinazohitajika.